Hati safi yenye onyo ndani: jinsi ya kusoma tanbihi ya uwezo wa kampuni kuendelea

Wenye hisa wengi tukifungua ripoti ya mwaka tunakimbilia maoni ya mkaguzi. Tukiona hati ni safi, tunafunga. Lakini mkaguzi anaweza kutoa hati safi na, aya chache chini yake, akaonya kwamba huenda kampuni isiweze kuendelea na biashara. Mambo hayo mawili hayapingani. Hati safi inahusu hesabu kuandikwa inavyostahili, wala si cheti cha afya ya kampuni.

Hatua ya 1: tafuta kichwa, usihesabu maneno. Kama ripoti ni ya Kiingereza, andika `going concern`, yaani uwezo wa kuendelea, kwenye kisanduku cha kutafutia. Yatatokea mara kadhaa, na mengi ni maneno ya kawaida: kila ripoti ya ukaguzi ina aya za wajibu wa wakurugenzi na wa mkaguzi zinazotaja jambo hili. Usishtuke. Wewe tafuta kichwa kinachojitegemea, `Material Uncertainty Related to Going Concern`. Chini yake mkaguzi hukuelekeza kwenye tanbihi fulani, kisha husema maoni yake hayajabadilika kwa sababu ya jambo hilo. Sentensi hiyo ndiyo inayotulaza. Maana yake ni kwamba hatari ipo, na wakurugenzi wameieleza vya kutosha.

Hatua ya 2: soma vitenzi vya tanbihi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka wa hesabu umeishia 31 Desemba, na tanbihi inasema:

"Kampuni ilipata hasara ya milioni 42. Madeni ya muda mfupi yanazidi mali za muda mfupi kwa milioni 120. Mkopo wa milioni 150 unaiva 30 Aprili. Wakurugenzi wanajadiliana na benki kuhusu kuongezewa muda, na kampuni mama imeonyesha nia ya kusaidia."

"Wanajadiliana" maana yake benki haijakubali. "Imeonyesha nia" si sawa na "imetoa barua iliyosainiwa ya kugharimia madeni kwa miezi 12". Sasa nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Tuseme fedha taslimu ni milioni 18, na shughuli za biashara ziliingiza milioni 9 mwaka mzima. Kwa miezi minne hiyo ni kama milioni 3. Ndiyo kusema Aprili kampuni itakuwa na milioni 21 mkononi, inadaiwa 150. Kila kitu kinaning'inia kwenye saini ya benki.

Hatua ya 3: linganisha tarehe. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka miaka mingi. Angalia siku mkaguzi aliyotia saini. Katika mfano wetu ni 20 Mei. Mkopo uliiva 30 Aprili! Siku 20 zilikuwa zimepita, na tanbihi bado inasema "wanajadiliana". Basi fungua tanbihi ya matukio ya baada ya mwaka kufungwa uone kama mkopo umelipwa, umeongezewa muda, au umevunjwa masharti. Isiposema lolote, hilo ndilo swali lako la kwanza kwenye mkutano mkuu.

Maoni yakibadilika. Hatari ikiwepo na wakurugenzi wasiieleze vya kutosha, mkaguzi hutoa hati yenye shaka au hati chafu. Hesabu zikiandaliwa kana kwamba kampuni itaendelea, wakati msingi huo haufai tena, ni hati chafu moja kwa moja. Akikosa ushahidi kabisa, anaweza kukataa kutoa maoni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kampuni yangu haina kichwa hicho, ila uwezo wa kuendelea umetajwa kwenye mambo makuu ya ukaguzi. Nipumue?*
Pumua nusu, ndugu yangu. Mara nyingi hapo palikuwa na wasiwasi, kisha ikaamuliwa kwamba mipango iliyopo inatosha. Soma mkaguzi alipima dhana ipi: mauzo kupanda, au mkopo mpya uliokwisha kusainiwa? Dhana ya mauzo ndiyo dhaifu zaidi.

*Ripoti za zamani onyo liko kwenye aya ya msisitizo wa jambo. Ni kitu kilekile?*
Ndiyo, mama. Kichwa cha peke yake kilikuja na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 570 iliyorekebishwa, kwa miaka ya hesabu iliyoishia 15 Desemba 2016 au baadaye. Kabla ya hapo, litafute kwenye msisitizo.

*Wakurugenzi wanatazama mbele hadi lini?*
Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 1, kinataka angalau miezi 12 tangu mwisho wa mwaka wa hesabu. Kwa mfano wetu, kima cha chini ni 31 Desemba inayofuata. Wewe ukiipata ripoti Juni, miezi karibu sita imeshaliwa. Kama kuna deni kubwa linaloiva Februari baada ya Desemba hiyo, tanbihi inaweza isilitaje kabisa, kwa hiyo litafute kwenye jedwali la kuiva kwa madeni.