Kichekesho kwenye hotuba ya harusi: acha nafasi ya watu kucheka

Wanaoandika hotuba ya harusi, angalieni neno linalochekesha limekaa wapi, liwe la mwisho kabisa kwenye sentensi. Mfano: “Kaka alijiunga na jim, akawa anaenda kila siku mpaka Jumapili, miezi sita tumbo liko palepale, kumbe pale mapokezi alikuwa anakaa bibi harusi.” Ukisema “kumbe bibi harusi alikuwa anakaa pale mapokezi” umeshatoboa siri mapema, na maneno yanayobaki yanafunika kicheko.

Baada ya hapo ruka mstari kwenye karatasi, andika KIMYA kwa herufi kubwa, maana ukiwa na maiki mkononi na presha ya watu utajisahau uendelee kusoma. Nyamaza, inua macho, wakicheka usiwakatishe, subiri kicheko kipande juu, kikianza tu kushuka ndio uingie, ukingoja kiishe kabisa ukumbi unapoa. Na sentensi inayofuata isibebe jina la mtu wa kushukuriwa, itamezwa na kelele.

Sasa wasipocheka? Hilo linaandaliwa nyumbani, andika sentensi ya kuunganisha inayofaa kote kote: “Na toka siku hiyo nyumbani kwetu tumepata dada.” Wamecheka, inawatuliza, hawajacheka, watu wataona ulikuwa unasimulia tu walivyokutana. Vuta pumzi moja halafu iseme kwa sauti ileile, usirudie kichekesho wala kukifafanua, na ile “mbona hamcheki” achana nayo kabisa jamani, inawatia watu aibu.