Makadirio ya paa la vyumba vitatu: hesabu mistari ya bati, usigawe mita za mraba

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12, paa la pande mbili lenye mwinuko wa nyuzi 25, bati zikitoka nje ya ukuta sentimita 60 pande zote. Bei jaza za dukani kwenu.

Hatua ya 1: mteremko. Nusu ya upana ni mita 5, ongeza 0.6, gawanya kwa 0.906. Unapata mita 6.2. Urefu wa paa ni mita 13.2.

Hatua ya 2: bati. Hapa ndipo wengi wanapungukiwa. Bati ya mita 3 inayofunika sentimita 80 ukigawia eneo la paa (mraba 163) inakupa bati 68. Sasa hesabu mistari: 13.2 gawanya kwa 0.8 ni mistari 17 kila upande, yaani 34. Bati mbili zikilaliana sentimita 20 zinafika mita 5.8 tu, pengo la sentimita 40 linabaki juu. Kila mstari unadai kipande cha sentimita 60, na bati moja inatoa vipande vitano. Ongeza bati 7, jumla 75. Kiwanda kikikukatia za mita 3.2, zinatosha 68 na vile viraka vya juu havipo.

Hatua ya 3: mbao za futi 12. Kenchi 11, moja kila mita 1.2. Ukiweka na ziada ya asilimia kumi: 2x6 ni 74, 2x4 (mikono ya kenchi na mbao za juu ya ukuta) ni 40, papi za 2x2 ni 64, fishabodi 16. Maungio ya papi yakae juu ya kenchi, yasining'inie katikati.

Hatua ya 4: kofia na misumari. Kofia za mita 2 zikilaliana sentimita 15 ni 8. Misumari ya bati ni kama 1,100: mistari 34, papi 8, minne kila papi. Mwambie muuzaji apime kilo moja, uihesabu, ndipo ujue kilo ngapi. Misumari ya inchi 4 na inchi 3 mwachie fundi ataje, ila iandikwe.

Hatua ya 5: ufundi. Andika bei moja ya kupaua, na chini yake utaje kilichomo: kenchi, papi, bati, kofia, fishabodi, na nani analipia jukwaa. Lipa kenchi zikisimama, kisha bati zikiisha, salio baada ya kofia.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, langu ni la kona nne. Nitumie hesabu hii?*
Eneo ni lile lile, ila bati nyingi zitakatwa mshazari, kwa hiyo ziada iongezeke. Kofia ndiyo itakushtua: kutoka mita 13 hadi kama 35.

*Geji 30 au 28?*
28 ndiyo nene. Kwa 30, sogeza papi karibu zaidi, maana fundi akiikanyaga katikati inabonyea.

*Fundi anasema kenchi ziwe kila mita 2, ataokoa mbao.*
Usikubali kwa papi za 2x2. Zitapinda, na utaziona bati zikifanya mawimbi.