Jinsi ya kumkaribisha mwanachama mpya kundini: ujumbe uliobandikwa na swali jepesi la kwanza

Hivi karibuni nilimsaidia dada mmoja anayesimamia kundi la WhatsApp la watu wanaojifunza kushona nguo nyumbani. Malalamiko yake yalikuwa kwamba watu wanaingia kwa kiungo cha mwaliko, wanakaa kimya, kisha baada ya siku chache wengine wanajitoa bila kuandika hata neno moja. Tulipokaa pamoja tukagundua kwamba kasoro zilikuwa mbili, na kwamba ile kubwa zaidi haikuwa katika maneno yake kabisa. Nimeziandika hapa hatua tulizofuata, nikitumia kundi lake kuwa mfano. Nachukulia kwamba tayari unalo kundi na kwamba wewe ni msimamizi wake, kwa hiyo sitaeleza namna ya kulifungua.

Hatua ya 1: Andika ujumbe wa makaribisho ulio mfupi

Ujumbe wa zamani wa dada yule ulikuwa na kanuni kumi na nne, na tisa kati ya hizo zilianza na neno "usi". Mgeni aliyefika mlangoni akasomewa makatazo kabla hajaambiwa kiti kilipo hawezi kuwa na hamu ya kuzungumza. Tulizihamishia kanuni zote kwenye maelezo ya kundi, yaani sehemu inayofunguka mtu anapogusa jina la kundi, na katika ujumbe wa makaribisho tukabakiza mambo matatu tu: kundi hili ni la nani, jambo moja ambalo halivumiliwi, na swali la kujibu. Swali linakaa mwishoni, kwa kuwa jicho linaposimama ndipo kidole kinapoanza kuandika. Ujumbe wenyewe ulikuja kuwa hivi:

> Karibuni. Hapa tunajifunza kushona nyumbani, na wengi wetu bado tunafumua mishono yetu wenyewe. Matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Kanuni nyingine zimo kwenye maelezo ya kundi.
>
> Tuanze hivi: uzi uliomo kwenye mashine yako sasa hivi ni wa rangi gani? Kama bado huna mashine, tuambie ni nguo gani yako inayosubiri kifungo. Mimi naanza: uzi wangu ni wa buluu, na suruali niliyokuwa naishona iko mezani tangu Jumatatu.

Hatua ya 2: Chagua swali linalojibika bila kujiandaa

Swali la awali lilikuwa "Jitambulishe: jina lako, unakoishi, kazi yako na uzoefu wako." Wasimamizi wengi huliona la adabu, lakini mimi nimeacha kulitumia. Kwanza, linamtaka mtu atoe habari zake mbele ya watu asiowajua. Katika kundi la WhatsApp namba yake ya simu tayari inaonekana na wote, na kuongezea jina na makazi ni kumwomba ajivue nguo iliyobaki. Pili, neno "uzoefu" linawatenga walewale tuliowaita, kwa maana anayejifunza ndiye asiye na uzoefu wa kutaja, na atanyamaza ili asionekane mjinga.

Swali la rangi ya uzi lina sifa nne ninazozitafuta. Linajibika kwa neno moja. Halina jibu lisilo sahihi. Halimfichui mtu. Na muhimu kuliko yote, limo ndani ya shughuli ya kundi, kwa hiyo jibu lake linaweza kuzaa mazungumzo ya ushonaji. Swali kama "unapenda rangi gani?" lina sifa tatu za kwanza lakini halina ya nne, na majibu yake hufa palepale. Kwa kundi la wasomaji ningeuliza kitabu kilichopo karibu nao kimefika ukurasa wa ngapi. Kwa kundi la wakimbiaji, viatu vyao vimechakaa upande gani.

Zingatia pia kwamba tuliweka mlango wa pili kwa asiye na mashine. Swali lolote linalodai mtu awe na kifaa fulani linahitaji mlango wa namna hiyo, la sivyo nusu ya wageni watahisi wamekosea nyumba. Usiombe picha katika swali la kwanza, kwa sababu atakayeombwa picha ataanza kupanga meza, atafikiria kinachoonekana nyuma yake, kisha ataahirisha hadi kesho isiyofika. Na wewe msimamizi ujibu kwanza, ndani ya ujumbe uleule, kwa urefu ambao ungependa wengine waufuate. Ukijibu kwa aya tatu, mwenye neno moja ataona haya kulileta.

Hatua ya 3: Ubandike, kisha hakikisha mgeni anauona kweli

Hatua hii inaonekana ya sekunde tano: unabonyeza ujumbe kwa muda, unachagua `Pin`, umemaliza. Mimi nami niliamini hivyo, na nilipoteza jioni nzima nikirekebisha maneno ya ujumbe ambao hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa akiuona. Msimamizi huuona ujumbe wake juu ya skrini kila siku, na kwa hiyo hashuku lolote.

Tuanze na Telegram. Kundi la faragha lina mpangilio uitwao `Chat History for New Members`, ambao huupata ukifungua ukurasa wa kuhariri kundi. Ukiwa kwenye `Hidden`, mgeni huenda asione kilichoandikwa kabla hajaingia, na ujumbe uliobandikwa unaweza kuwa umo katika hicho asichokiona. Weka `Visible`. Kisha, na hapa ndipo nilipokwama, usiridhike na kubadili mpangilio pekee: andika ujumbe wa makaribisho upya na uubandike upya. Kundi dogo la kawaida hugeuzwa kuwa kundi kubwa la aina nyingine unapofanya badiliko hilo, na ujumbe wa kabla ya mgeuko hubaki upande wa zamani ambako wageni hawafiki. Kundi la hadharani, lile lenye jina linaloweza kutafutwa, halina tatizo hili kwa kuwa historia yake iko wazi kwa wote.

Telegram pia huruhusu kubandika ujumbe mwingi, na hapo huzaliwa kasoro nyingine. Kila tangazo jipya linalobandikwa huketi mbele ya ujumbe wa makaribisho, na mgeni hulazimika kugusa ukanda wa juu mara kadhaa ili kuufikia, hakuna atakayegusa. Kwa hiyo, tangazo likipita wakati wake, libandue siku hiyohiyo. Vilevile unapobandika, telefoni itakuuliza kama wanachama wote waarifiwe. Kataa, isipokuwa kwa mara ya kwanza kabisa, maana wenyeji hawahitaji kuamshwa na makaribisho ya watu wengine.

WhatsApp ina tabia tofauti, na ndiko dada yule alikokuwa. Kule ujumbe hubandikwa kwa muda wa saa 24, siku 7 au siku 30, kisha hubanduka wenyewe bila kumwarifu mtu. Lililo baya zaidi ni kwamba aliyeingia baada ya ujumbe kubandikwa hauoni. Kwa maneno mengine, ujumbe uliobandikwa huko huwakumbusha waliokuwapo, na kwa mgeni wa kesho ni ukuta mtupu. Tena ujumbe ukishatumwa unaweza kuuhariri kwa dakika 15 tu, kwa hiyo kosa dogo la herufi litakaa hapo mwezi mzima.

Tulilitatua kwa kubadili mpangilio wa kazi. Maelezo ya kundi, ambayo mgeni huyaona wakati wowote na msimamizi anaweza kuyahariri anapotaka, ndiyo yaliyobeba kanuni. Kisha tukawasha idhini ya msimamizi kwa wanaoingia, tukawa tunayakusanya maombi na kuyakubali yote kwa pamoja kila Jumatano na Jumamosi jioni. Mara tu wakishaingia, ujumbe wa makaribisho hutumwa upya na kubandikwa kwa siku 7, na ule wa zamani hubanduliwa. Mpangilio huu una faida ambayo hatukuitarajia: wageni wanne wanaoingia pamoja hujibu kwa wepesi kuliko mmoja anayeingia peke yake katikati ya watu 140. Lakini usiwaweke watu mlangoni kwa zaidi ya siku tatu au nne, kwa sababu aliyesubiri wiki nzima huwa ameshasahau alichokuja kutafuta.

Njia ya kuthibitisha ni moja tu. Mwombe mtu asiyekuwa mwanachama aingie kwa kiungo huku wewe ukiitazama skrini yake. Usimwulize kama ameuona ujumbe, kwa kuwa kwa heshima atasema ndiyo. Mwombe akusomee sentensi ya mwisho.

Hatua ya 4: Mjibu aliyejibu

Kuna programu ndogo zinazotuma makaribisho zenyewe kila mtu anapoingia. Sizipendi. Zinajaza kundi salamu zilezile, wenyeji wanajifunza kuzipita bila kusoma, na mgeni anatambua mara moja kwamba hakuna aliyemwona. Ni heri salamu mbili kwa wiki zilizoandikwa na mtu.

Jibu la mgeni lisipate kidole gumba peke yake. Katika kundi lile mgeni mmoja aliandika: "Mweusi, na unakatika kila mara." Dada yule alitaka kuandika "Karibu sana!" nikamzuia. Badala yake aliuliza: "Unakatika unapoanza kushona au katikati ya mshono?" Mgeni akasema ni katikati. Ndipo dada yule akamtaja mwanachama wa zamani aliyewahi kupata shida hiyo, naye akamshauri aangalie kama sindano imewekwa upande wake sahihi, kisha autoe uzi wote na kuupitisha upya tangu mwanzo mguu wa kukandamiza kitambaa ukiwa umeinuliwa. Sindano ilikuwa imegeuka. Ndani ya nusu saa mgeni alikuwa amezungumza na watu wawili na mashine yake ilikuwa inashona.

Mtiririko ni huo: swali moja la kufuatilia kutoka kwako, kisha mkabidhi kwa mwenyeji mmoja kwa jina, kisha wewe ujitoe. Ukiendelea kujibu kila kitu, mgeni atajifunza kwamba kundi ni wewe. Na asiyejibu swali la kwanza usimfuate kwa ujumbe wa faragha. Wapo wanaojifunza kwa kusoma tu, na wengine huandika neno lao la kwanza baada ya mwezi, siku mashine inapowakwamia.

Hatua ya 5: Badilisha swali wenyeji wanapolichoka

Dalili yake ni kwamba wenyeji wameanza kulijibu kwa utani wa ndani ambao mgeni haelewi. Kwa kundi lile ilichukua takriban miezi miwili. Sasa wanauliza: "Mshono wa mwisho ulioufumua ulikuwa wa nguo gani?"