Kulipa bili kwa pointi kidogo na M-Pesa kidogo, bila kukatwa mara mbili

Jumamosi nilikuwa na shangazi supamaketi, bili 4,000 na kadi yake ina pointi 1,000. Pale pointi moja ni shilingi moja (kwenu inaweza kuwa tofauti, uliza kwanza). Tulifanya hivi.

1. Kadi ipigwe skani mwanzoni, na simu yenye namba iliyosajiliwa iwe mkononi maana msimbo wa kuthibitisha unatumwa huko. Ya shangazi imesajiliwa kwa namba ya kijana wake, basi tukaanza kumpigia huku foleni inanuna.

2. Hapa ndo pa kuwa makini. Pointi zinaingia KABLA ya pesa. Keshia akimaliza kuskani vitu vyote anachagua kulipa kwa pointi, anaandika 1,000, msimbo unaingia, na skrini inabaki na 3,000. Hapo ndo anatuma ombi la M-Pesa kwa simu yako. Usome kiasi kabla ya kuweka pin! Ikiandika 4,000 ujue pointi hazijaingia, kataa hapo hapo. Mimi mwaka jana niliweka pin bila kusoma, bili ikafungwa, na bili ikishafungwa hakuna mahali pa kuchomeka pointi tena, ilibidi supavaiza afute bili nzima na pesa yangu ikarudi siku ya nne. Ndo maana sipendi kuandika namba ya tili mwenyewe, ombi likitoka kwa kaunta ile figa ni ya sistimu yenyewe, unaona kabisa inadai ngapi.

Na kama pointi zimekatwa halafu M-Pesa ikagoma? Usilipe 4,000 kwa hasira. Pointi zimeshikiliwa kwenye ile bili, mwambie keshia aiache wazi, mlipe 3,000 kwa kesh au kadi ya benki. Mkiamua kuacha kabisa, bili ifutwe, si kuwekwa pembeni tu, la sivyo pointi zinabaki zimekwama. Na kitu cha kuondoa kiondolewe kabla ya pointi kuingia, ikipunguzwa bili baadaye hesabu inavurugika.

3. Angalia risiti: jumla 4,000, pointi 1,000, M-Pesa 3,000. Pale kwetu pointi zinahesabiwa kama malipo, si diskaunti, kwa hiyo VAT ya 16% inabaki ya bei kamili ya vitu. Pointi mpya zinatoka kwa zile 3,000 tu, shilingi 100 pointi moja, shangazi akapata 30 akalalamika anataka 40.

4. Ukirudisha kitu usitegemee kesh tupu. Shangazi alirudisha sufuria ya 800, na kwa sababu robo ya bili ililipwa kwa pointi alirudishiwa pointi 200 na shilingi 600. Duka lingine linarudisha pointi zote kwanza, kwa hiyo uliza kabla hujaacha sufuria kaunta.