Moto wa gesi mgahawani: jinsi ya kuripoti hatua kwa hatua

Habari ya moto wa gesi kwenye mgahawa mdogo huandikwa mbio mbio, na karibu kila mara huanza hivi: "Mtungi wa gesi umelipuka." Mara nyingi kilicholipuka ni gesi iliyovuja ikajaa chumbani, na mtungi hutolewa mzima, umeungua shingoni tu. Mwandishi akikosea hapo, lawama humwangukia asiyehusika: aliyejaza mtungi anashukiwa wakati mpira wa jiko ndio uliopasuka.

Nitatumia mfano wa kujifunzia. Tuseme ni mgahawa wa mama lishe Manzese, Dar es Salaam: fremu moja, meza nne mbele, jiko la gesi nyuma na mtungi wa kilo 15 chini ya meza ya kukatia mboga. Ukutani upande wa pili kuna muuza chipsi anayetumia mkaa.

Hatua ya 1: Ukifika, ulizia mitungi kabla ya watu

Hakikisha kwanza kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limepigiwa simu. Namba yake ni 114. Kisha muulize mwenye mgahawa au mfanyakazi: ndani kulikuwa na mitungi mingapi, na yote imetoka? Mama lishe wengi huweka mtungi wa akiba. Mtungi uliokaa motoni unaweza kupasuka hata baada ya watu kudhani mambo yamekwisha. Usiingie mpaka zimamoto waruhusu. Picha za ndani zitasubiri.

Hatua ya 2: Panga mtiririko wa tukio

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni, huingia chini ya mlango na kwenye mtaro, na inaweza kukutana na moto mahali ambapo hakuna anayepika. Inahitaji kuwa takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa ili ishike moto, na ndiyo maana harufu inaweza kusikika muda mrefu bila chochote kutokea, kisha ghafla ikalipuka.

Kila shuhuda muulize peke yake maswali haya: Harufu ilianza kusikika lini? Mtungi, regyuleta au mpira ulibadilishwa lini, na nani? Ni moto gani mwingine uliokuwa unawaka karibu? Na lile ninaloliona kubwa kuliko yote: ulisikia mlio kwanza au uliona moto kwanza?

Mlio ukitangulia na moto ukafuata papo hapo, yaelekea gesi ilikuwa imeshajaa chumbani. Moto ukiwaka kwanza, kisha mlio mkubwa ukaja baada ya dakika kadhaa, huenda mtungi ulipashwa joto mpaka ukapasuka. Haya ni majibu ya awali ya kukuongoza kuuliza. Wa kuthibitisha chanzo ni zimamoto.

Watu hukosea saa, hasa wakiwa na hofu. Waombe wakuonyeshe simu zao. Kwenye mfano wetu, mteja alilipa chai kwa simu na ujumbe wa muamala unaonyesha saa 5:31 asubuhi. Anasema wakati huo harufu ilikuwa kali na mhudumu alikuwa anafungua dirisha. Muuza chipsi alimpigia ndugu yake saa 5:40, mara tu baada ya mlio. Sasa una dakika tisa zenye ushahidi, na swali lako ni nini kilifanyika ndani yake.

Muda huo wa kabla ya mlipuko ndio hubeba habari. Tarehe 21 Juni 2023, mgahawa wa nyama choma mjini Yinchuan, China, ulilipuka mnamo saa 2:40 usiku na watu 31 wakafa. Ilielezwa kuwa takriban saa moja kabla yake wafanyakazi walisikia harufu ya gesi, wakagundua valvu imeharibika na mmoja akaenda kununua nyingine. Mlipuko ulitokea wakati wa kuibadilisha. Habari iliyosema "mtungi umelipuka" peke yake ingeacha nje saa nzima ambayo wateja wangeweza kutolewa.

Hatua ya 3: Majeruhi

Hesabu kwa kutaja chanzo. Andika "wanne kwa mujibu wa mganga wa zamu", au "sita kwa mujibu wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa", na kama hesabu hazilingani ziweke zote mbili. Uliza pia nani aliondoka mwenyewe kwa bodaboda kwenda zahanati, maana huyo mara nyingi hayumo kwenye hesabu ya polisi.

Usiandike "majeraha madogo" kwa sababu mtu anatembea na kuongea. Moto wa gesi hupiga uso, mikono na vigimbi, na aliyevuta hewa ya moto anaweza kuvimba koo saa kadhaa baadaye. Nyusi zilizoungua, sauti ya kukwaruza na masizi puani ni dalili ambazo daktari huzichukulia kwa uzito. Andika unachokiona: "ameungua mikono yote miwili na shavu la kulia." Asilimia ya mwili ulioungua itoke kwa daktari. Majina na picha za nyuso zisubiri ndugu wapewe taarifa.

Hatua ya 4: Uharibifu wa jirani

Zunguka nje ukitenganisha kilichosukumwa na kilichoungua. Bati lililofunuka, mlango uliorushwa na kioo kilichomwagika nje ni kazi ya msukumo. Masizi na mbao zilizokuwa mkaa ni kazi ya moto. Pima kwa hatua zako: "vioo vya duka la dawa, hatua 20 hivi, vimevunjika" humwambia msomaji zaidi ya "uharibifu mkubwa."

Mtungi upige picha pale ulipo ikiwa umeruhusiwa, na ueleze hali yake: mzima, umepasuka ubavuni, regyuleta imeyeyuka. Jina la kampuni lililochorwa juu yake liache kwanza. Mtungi wa kampuni moja unaweza kuwa ulijazwa na mtu mwingine kinyemela.

Hatua ya 5: Andika

"Watu wanne wamejeruhiwa, kwa mujibu wa mganga wa zamu, baada ya moto wa gesi ya kupikia kuzuka kwenye mgahawa Manzese, Dar es Salaam, jana mnamo saa 5:40 asubuhi. Mteja aliyekuwepo amesema harufu ya gesi ilikuwa kali saa 5:31, wakati mhudumu akifungua dirisha. Mashuhuda wawili wamesema walisikia mlio, kisha wakaona moto ukitokea upande wa ukuta wenye jiko la mkaa la jirani. Mtungi wa kilo 15 umetolewa ukiwa haujapasuka. Bati la fremu mbili limefunuka na vioo vya duka la dawa vimevunjika. Chanzo bado kinachunguzwa."

Neno "kulipuka kwa mtungi" halimo, na hakuna kilichopungua.

Hatua ya 6: Rudi kesho yake

Piga simu hospitali asubuhi, kwa sababu aliyeungua njia ya hewa huweza kuzidiwa usiku. Waulize zimamoto waliona nini kwenye mpira na regyuleta. Hesabu ikibadilika, isahihishe juu kabisa ya habari ile ile, pamoja na saa ya sahihisho na aliyekupa hesabu mpya.