Somo: Kumwambia rikruta "si kwa sasa" akakuelewa

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la mtu ambaye hatafuti kazi. Mshahara unaingia, na bosi mnaelewana. Ghafla mtu usiyemjua, rikruta anayetafutia kampuni wafanyakazi, anakuandikia: "Habari, nimepitia wasifu wako LinkedIn. Mteja wangu anatafuta meneja wa fedha hapa Dar es Salaam. Tunaweza kuongea kesho dakika 15?" Huna haja ya kuhama, ila unajua mambo ya ajira za sekta binafsi. Mwakani unaweza kumhitaji mtu huyuhuyu.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha, mwaka wa sita sasa. Ujumbe kama huo mwanzoni niliujibu vibaya kwa namna mbili. Mara nilikaa kimya, mara nilijieleza mno hadi nikajikuta kwenye usaili ambao sikuuhitaji. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Jua ni nani kakuandikia

Kuna afisa ajira wa kampuni yenyewe, na kuna wakala anayetafuta watu kwa niaba ya wateja wake. Tofauti hii ina uzito. Ukimkataa wa kampuni, umeikataa kampuni moja. Wakala ana wateja kadhaa, kwa hiyo jibu lako moja linakaa kwenye kumbukumbu zake kwa ajili ya nafasi nyingine ambazo bado hazijatangazwa. Huyo ndiye wa kumtunza.

Wa tatu ni tapeli. Utamjua kwa hela: anataka ya fomu, ya usajili, au ya "kuharakisha faili". Wakala wa kweli analipwa na mwajiri. Tapeli usimjibu, mripoti tu na umzuie.

Hatua ya 2: Jibu mapema, kwa simu yako

Usitumie kompyuta ya ofisi wala barua pepe ya ofisi. Niliwahi kuunganisha kompyuta kwenye projekta kikaoni, na kidirisha cha LinkedIn kikajitokeza ukutani na neno "nafasi" likionekana vizuri. Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ndani ya siku mbili tatu panatosha. Wakati huo wakala anakusanya majina ya kumpelekea mteja, na "hapana" ya mapema inamsaidia kuliko "labda" ya wiki ya tatu. Tena kama ametumia InMail, ujumbe wa kulipia, ukijibu ndani ya siku 90 LinkedIn inamrudishia salio la ujumbe huo, hata kama umemkatalia. Kwa hiyo anayekunyima jibu na anayekukatalia hawalingani machoni pake.

Hatua ya 3: Andika jibu lenyewe

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na kosa linaanzia kwenye adabu zetu. Kwetu kusema "hapana" kavu ni ukali, kwa hiyo tunaandika "ngoja niangalie" au "tutawasiliana, Mungu akipenda". Mswahili mwenzako mitaani anajua hapo umeshamkatalia. Wakala mwenye orodha mezani anaandika "anafikiria", na Ijumaa anapiga simu.

Kosa la pili ni sababu tunayoitoa. Jibu langu la kwanza kabisa lilikuwa hivi: "Asante, ila kwa sasa nimeridhika na mshahara wangu." Nilidhani nimemaliza. Baada ya nusu saa likaja swali: "Ni kiasi gani kingekufanya ufikirie?" Ni sawa na kusimama dukani Kariakoo ukasema "bei kubwa". Muuzaji anasikia kwamba mzigo umeupenda, imebaki bei. Isitoshe, mawakala wengi hulipwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu waliyempata, hivyo kukupandishia dau hakumuumi yeye hata kidogo. Ukitaja umbali, atakuambia kuna usafiri. Ukitaja cheo, atauliza kama cheo kibadilishwe. Toa sababu ambayo yeye hana uwezo wa kuigusa: kazi uliyoianza na unayotaka kuimaliza, au muda.

Kwangu muda una maana yake. Mwaka wetu wa hesabu unafungwa 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia 30 Juni. Mhasibu akiondoka katikati ya hapo anawaachia wenzake moto. Kwa hiyo mwezi wangu ni Julai, na si mwezi wa kubuni. Hili ndilo jibu ninalotuma sasa:

"Habari dada, asante kwa kunifikiria kwenye nafasi ya meneja wa fedha. Kwa nafasi hii jibu langu ni hapana. Kuna kazi niliyoianza hapa nilipo na ningependa niimalize. Kuanzia Julai mwakani nitafurahi kusikia kutoka kwako, hasa ukiwa na nafasi ya kuongoza idara ya fedha kwenye kampuni ya usafirishaji au ya kiwanda, hapahapa Dar es Salaam. Njia nzuri ya kunipata ni hapa LinkedIn. Nakutakia heri katika kumtafuta mtu wa nafasi hii."

Angalia "hapana" ilipokaa. Imefungwa kwenye "nafasi hii", kwa hiyo anayekataliwa si yeye wala mteja wake. Kisha angalia mwezi na aina ya kazi. Ukiandika tu "nikumbuke siku nyingine", hana pa kukuweka. Ukimpa Julai, fedha, usafirishaji na Dar es Salaam, ana maneno ya kukutafutia siku akifungua kumbukumbu zake.

Na soma tena kitenzi: "nitafurahi kusikia". Sikuandika "nitakuwa naondoka". Andika kila neno kana kwamba bosi wako atalisoma, maana watu wa fedha mjini hapa wanajuana. Jibu langu hilo likimfikia bosi, atakuta mtu aliyesema anataka kumaliza kazi yake.

Akikuandikia kwa Kiingereza mjibu kwa Kiingereza, mpangilio uwe uleule.

Hatua ya 4: Usichotuma

Usitume sivii. Atakuambia "nitumie tu kwa ajili ya kumbukumbu". Mwaka fulani nilimtumia wakala mmoja, naye akaisambaza kwa wateja wake bila kuniuliza. Mmoja wao alikuwa akifahamiana na bosi wangu. Nikiwa nakunywa chai saa nne nikaulizwa, "Kumbe unatuacha?" Sikuwa hata nimeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, lakini haiwezi kumfanya bosi asahau alichokisoma. Wasifu wako wa LinkedIn unamtosha kwa sasa. Mshahara wako wa sasa pia usiutaje, kwani ukiutaja leo ndiyo itakayokuwa bei ya kuanzia hiyo Julai.

Hatua ya 5: Weka kumbukumbu

Daftari au jedwali kwenye simu: jina, anawakilisha nani, nafasi aliyoleta, tarehe, ulichomwambia. Mwezi ukifika na wewe uko tayari, rudi kwenye mazungumzo yaleyale, usianzishe mapya, ili aone mwenyewe mlikoishia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mhandisi, Mwanza: Mkuu, mimi kuna mmoja aliniandikia miezi minne iliyopita sikumjibu. Nimechelewa?

Kwa nafasi ile, ndiyo. Kwa mtu mwenyewe, hapana. Muandikie sentensi mbili tatu: "Samahani kwa kutokujibu mapema. Naamini nafasi ile imeshapata mtu. Kwa siku zijazo napendelea nafasi za aina fulani, kuanzia mwezi fulani." Usieleze kwa nini ulinyamaza. Kila ukiongeza maelezo yatasomeka kama uongo.

Afisa manunuzi, Nairobi: Huyu wangu hapigi LinkedIn, anapiga simu ya ofisini kupitia mapokezi. Nafanyaje na wenzangu wako pembeni?

Sema kama unavyomjibu muuzaji yeyote: "Siwezi kuongea sasa, nitumie ujumbe LinkedIn." Kata. Halafu jibu kwa maandishi, uongeze kwamba simu ya ofisini isitumike tena. Akirudia baada ya hapo, mfute kwenye daftari, kwa sababu mtu asiyeweza kutunza siri ya simu hataitunza sivii.

Mhasibu, Arusha: Je, nisikubali hata hizo dakika 15 ili nijue soko linalipa kiasi gani?

Unaweza kupata jibu bila simu. Muulize kwa maandishi: "Kabla sijakujibu, mteja ametenga mshahara wa kiasi gani hadi kiasi gani?" Wengine watakuambia, wengine watakataa. Ukikubali simu huku moyoni umeshakataa, unakula muda wake, na mara ya pili hatakutafuta. Nakiri wapo wenzangu wanaoona simu haina madhara. Mimi nikipigiwa nakuwa dhaifu, nakubali mambo.

Mwanachama, Dodoma: Kaniomba nimtajie mwenzangu anayefaa.

Mwenzako kwanza. Mpigie, muulize kama jina lake na namba vitolewe. Akikubali, mtaje. Hii kwa kweli ndiyo njia bora ya wakala kukukumbuka, kuliko jibu lolote zuri utakaloandika. Ila kuwa makini na kumtaja mtu wa idara yako mwenyewe. Akiondoka, kazi zake zitakuangukia wewe.

Dada wa benki, Dar es Salaam: Nikiwasha Open to Work, ile alama ya LinkedIn ya kuonyesha niko tayari kwa kazi mpya, kwa siri si inatosha, badala ya kuandikiana na kila mtu?

Kuna namna ya kuiwasha ionekane kwa marikruta tu. LinkedIn hujitahidi kuwafichia marikruta wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia usiri kamili. Mawakala wanaofanya kazi na mwajiri wako wanaweza kuiona. Na wewe hujafikia hatua ya kutafuta, kwa hiyo iache imezimwa. Mwezi mlioelewana unatosha.

Mhandisi, Mwanza (tena): Huo mwezi tunaoutaja ni wa kuanza kazi au wa kuongea?

Wa kuongea, na uuandike hivyo. Kwa sheria zetu na za Kenya, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, lakini mikataba mingi ya vyeo vya juu inataka miezi mitatu. Usaili nao unakula wiki kadhaa. Ukianza kuongea Julai, kukaa kwenye kiti kipya inaweza kuwa Novemba. Fungua mkataba wako usome kipengele cha notisi leo, kabla hujamtajia mtu mwezi wowote.