Kupima Kurefuka kwa Cheni ya Pikipiki na Kuamua Lini Ibadilishwe Pamoja na Sproketi

Mwongozo huu unahusu pikipiki za kazi zinazotumia cheni ya namba 428, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye bodaboda nyingi za sisi 125 na 150. Namba hiyo huwa imegongwa kwenye bamba za cheni yenyewe, na ni vyema uisome kabla ya kupima, kwa sababu vipimo vyote nitakavyovitaja vinatokana nayo. Cheni ya 428 ina milimita 12.7 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata, na ile yenye herufi H ina bamba nene zaidi lakini nafasi ya pini ni ileile.

Cheni hairefuki kwa sababu bamba zake zimevutika. Kinachotokea ni kwamba pini inalika ndani ya bushi, kidogo kidogo, kila pingili inapojikunja kuzunguka meno ya sproketi, na vumbi likichanganyika na oili kulika huko huongezeka kasi. Nafasi inayotokea kwenye kiungo kimoja haionekani kwa macho, ila ikijumlishwa kwenye viungo 20 inasomeka kwa rula ya kawaida ya chuma. Ndiyo maana haifai kupima pingili moja au mbili. Isitoshe, pini mbili zilizoshikwa na bamba za nje hubaki kwenye umbali wao wa awali hata cheni ikichakaa, na ongezeko lote hujitokeza kwenye pingili ya ndani iliyo kati yao na jozi inayofuata, kwa hiyo mtu akipima pingili moja ya nje anaweza kudhani cheni ni mpya.

Hatua ya kwanza: safisha na uivute cheni. Zima injini, chomoa ufunguo, na usimamishe pikipiki kwenye stendi ya kati. Fungua kifuniko cha cheni, kisha safisha sehemu ya juu kwa mafuta ya taa na brashi laini mpaka vichwa vya pini vionekane wazi. Ingiza gia ili sproketi ya mbele isizunguke, halafu ning'iniza uzito wa kilo 10 katikati ya sehemu ya chini ya cheni. Dumu la lita 20 lililojazwa maji nusu, likafungwa kwa kamba, linatosha kabisa. Uzito huo utalizungusha gurudumu la nyuma kidogo mpaka sehemu ya juu ikaze na kunyooka. Cheni iliyolegea haipimiki, kwa kuwa pini zinakaa popote ndani ya bushi na kila mara utapata jibu tofauti.

Hatua ya pili: pima pingili 20. Weka rula ya chuma ya sentimita 30 sambamba na cheni. Si rahisi kukisia katikati ya pini, hivyo mimi huanzia kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza na kuishia kwenye ukingo wa kushoto wa pini ya 21. Umbali huo ni uleule wa katikati hadi katikati, na macho hayakosei sana. Hesabu pini kwa kuzigusa moja moja. Ukipata karibu milimita 241 umehesabu pungufu kwa pingili moja, na ukipata 267 au zaidi kidogo huenda umezidisha moja, kwa hiyo rudia kabla ya kutoa uamuzi.

Kwa cheni mpya umbali huo ni milimita 254. Ondoa uzito, sogeza gurudumu kiasi cha theluthi ya cheni, uuning'inize tena, na upime mara tatu kwa jumla katika sehemu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa kila mahali. Usipime sehemu yenye pingili ya klipu ikiwa pingili hiyo ilibadilishwa peke yake baadaye.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Chukulia rula imesoma milimita 256, 257.5 na 258.5. Wastani hauna kazi hapa, kwani sehemu iliyochoka zaidi ndiyo itakayopanda juu ya meno au kukatika.

```
(258.5 - 254) / 254 x 100 = 1.77
```

Cheni hii imerefuka kwa asilimia 1.8 hivi. Kwa pikipiki, kikomo ninachokifuata ni asilimia 2, yaani milimita 259 kwa pingili 20, labda kitabu cha pikipiki yako kitaje kipimo kidogo zaidi. Mashine za viwandani zenye cheni kama hii mara nyingi huruhusiwa kufika asilimia 3, lakini hazibebi abiria, na cheni yake haiwezi kukwama kwenye gurudumu barabarani. Mwenye cheni ya 258.5 nitamwambia anunue seti sasa, asisubiri ile nusu milimita iliyobaki, hasa kwa kuwa rula yenyewe inaweza kukosea kwa kiasi hichohicho.

Hapa niseme wazi jambo linalofanyika sana vijiweni: kirekebishi cha nyuma kikifika mwisho, fundi anakata pingili mbili na kuirudisha cheni. Ulegevu unaondoka, lakini kila pingili iliyobaki bado ni ndefu kuliko nafasi ya jino inapokalia. Pima pingili 20 za cheni iliyokatwa na utapata milimita zilezile za kabla ya kukata. Kirekebishi kilichofika mwisho ni dalili ya kupima, na kukata pingili kunaificha tu dalili hiyo.

Hatua ya nne: zikague sproketi zenyewe. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele, usiishie kutazama ile ya nyuma inayoonekana. Ikiwa ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, kila jino la mbele hupokea cheni mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na ndiyo maana ya mbele hufa mapema. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Lililochakaa limechimbika upande mmoja, ncha yake imekonda, na likizidi linapinda kama ndoana. Pitisha ukucha upande unaobeba mzigo, utasikia ukingo uliochongwa na rola.

Ukivuta cheni kwa kidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa nayo ikainuka kiasi cha nusu jino, kuna uchakavu, lakini jaribio hilo halikwambii kama umekula cheni au meno. Rula ndiyo inayotenganisha.

Hatua ya tano: amua. Cheni ikiwa imefika kikomo, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni ndefu huwa imeshayachonga meno yafuate urefu wake. Ukifunga cheni mpya ya 12.7 juu ya meno hayo, rola hazikai chini kwenye mabonde, mzigo unabebwa na meno machache, na cheni mpya inaanza kulika kwa kasi tangu siku ya kwanza. Kufunga sproketi mpya na cheni chakavu nako kunaharibu meno mapya kwa njia hiyohiyo.

Hali moja tu hunifanya nibakize sproketi: cheni imeharibika kwa sababu nyingine, kwa mfano bamba limepasuka au pingili zimekakamaa kwa kutu, huku kipimo kikiwa chini ya asilimia 1 na meno yakiwa bado na pande sawa. Ukiona ubavu wa meno umekwaruzwa na upande wa ndani wa bamba unang'aa, gurudumu halijanyooka na sproketi ya mbele, na seti yoyote mpya itakwenda njia hiyohiyo mpaka ulinyooshe.

Unapofunga seti mpya, hakikisha upande wa klipu usio na mwanya unatangulia kule cheni inakoelekea. Rekebisha ulegevu kwa kipimo cha kitabu, kisha uukague tena baada ya kilomita mia chache za mwanzo, maana cheni mpya hulegea kidogo viungo vyake vinapokaa sawa.